Uwiano wa BCH na LTC: umekengeuka au umehama?

Msomaji wa Mbale ameniandikia: "Kaka, BCH na LTC zinafanana sana. Uwiano wao ukipanda nauza BCH nanunua LTC, ukishuka nageuza. Ubaya wake uko wapi, na nitoke lini?"

Wanaoitetea biashara hii wana hoja nzito. Litecoin, ndiyo LTC, ilianza 2011 kwa kunakili programu ya Bitcoin na kuibadilisha kidogo, na Bitcoin Cash, ndiyo BCH, ilijitenga na Bitcoin Agosti 2017. Zote mbili zinachimbwa, zote zina kikomo cha idadi, na soko zima likianguka huanguka pamoja. Kwa hiyo anayenunua moja na kuuza nyingine hahitaji kubashiri Bitcoin itaelekea wapi kesho. Anabashiri jambo dogo zaidi: kwamba pengo kati ya hizi mbili limezidi mazoea yake.

Kwa sisi wa Uganda kuna faida nyingine. Tangu Benki Kuu ilipozikataza kampuni za malipo, Aprili 2022, kuhudumia ubadilishaji wa kripto, wengi hununua USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, kwa mtu mmoja mmoja, na kila unaporudi kwenye shilingi unakatwa: kwanza tofauti ya bei ya muuzaji, kisha ada na kodi ya asilimia 0.5 unapotoa pesa kwenye simu. Biashara ya uwiano huzunguka ndani ya jukwaa lilelile, sarafu kwa sarafu, na shilingi huigusi mpaka unapovuna.

Hesabu yake ni fupi. Unagawanya bei ya BCH kwa bei ya LTC kila siku, unachukua wastani wa siku 60, kisha unapima uwiano wa leo uko mbali kiasi gani na wastani huo:

```
z = (uwiano_wa_leo - wastani_60) / mkengeuko_60
```

Mkengeuko ni kipimo cha jinsi uwiano unavyoyumba kwa kawaida. Wengi huingia z inapovuka 2 na kutoka inaporudi karibu na sifuri. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa tuipeleke kwenye Juni 2023.

Kabla ya hapo BCH ilikuwa imekaa muda mrefu ikiwa karibu mara 1.3 ya LTC. Tarehe 20 Juni jukwaa jipya la EDX Markets, linaloungwa mkono na kampuni kubwa za fedha za Marekani, lilifunguliwa likiwa na sarafu nne tu: Bitcoin, Ether, Litecoin na Bitcoin Cash. Angalia kwamba habari hiyo iliigusa BCH na LTC kwa pamoja. Iliyoruka ni BCH.

Nichukue tarakimu za mviringo. Tuseme uliingia BCH ikiwa dola 140 na LTC dola 85, yaani uwiano wa 1.65. Uliuza BCH ya dola 500 kwa mkataba wa fyucha, unaokulipa bei ikishuka na kukukata ikipanda, na kununua LTC ya dola 500. Uwiano ungerudi 1.35 huku LTC imetulia, BCH ingekuwa kama dola 115, nawe ungepata takriban dola 89 kabla ya ada. Lakini mwisho wa mwezi BCH ilikuwa inacheza karibu na 300 na LTC karibu na 105. Mguu wa BCH, yaani upande uliouza, umekula dola 571, mguu wa LTC umerudisha 118, na umebaki na hasara ya dola 453. Tena kama dhamana ya mguu wa BCH ilikuwa dola 500 peke yake, jukwaa lingeifunga biashara yako kwa nguvu kabla hujafika huko, na LTC ingebaki mkononi bila mwenzake.

Kinachoniuma zaidi katika mfumo huu ni kanuni ile ya kutoka "z ikirudi sifuri". Wastani wa siku 60 hausubiri. Uwiano ukiruka na kukaa juu, kila siku inayopita wastani nao unapanda kuufuata, na baada ya kama miezi miwili z inasoma sifuri. Skrini inakuambia biashara imekamilika. Uwiano haukurudi hata hatua moja. Ni wastani uliohamia kwake. Ndivyo ilivyokuwa hapa: BCH haikurudi kwenye 1.3, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa zaidi ya mara tano ya LTC. Ukiona jaribio la kihistoria lenye "ushindi" mwingi, uliza kwanza ushindi ulihesabiwa kwa z au kwa dola.

Ndiyo maana mtu anayetaka kuifanya namkazania aandike namba tatu siku anayoingia, na asiziguse tena. Ya kwanza ni lengo: wastani wa siku ile, 1.35 katika mfano wetu, si wastani unaotembea. Ya pili ni kikomo cha hasara, tuseme uwiano wa 2.0. BCH ikiwa 175 na LTC 87.5, hasara ni kama dola 110. Ya tatu ni muda. Rudi nyuma uangalie mikengeuko iliyopita ilichukua siku ngapi kurudi. Kama kawaida ni siku 10, basi siku ya 20 unatoka, hata kama hujapata wala kukosa, kwa sababu kila siku ya ziada ni ushahidi kwamba sasa unashikilia kitu kingine.

Hapo ndipo upande wa pili unapata nguvu. Ukishinda unapata 89, ukishindwa unapoteza 110, basi lazima ushinde zaidi ya mara 55 katika kila 100 ili usipoteze. Ongeza ada za miamala minne, miwili ya kuingia na miwili ya kutoka, na malipo ya fyucha, ambayo upande mmoja wa mkataba huulipa mwingine na kwenye majukwaa mengi huhesabiwa kila saa 8. Pia bei inayokimbia inaweza kuruka kikomo chako, ukafungiwa kwa 2.1 au 2.2 badala ya 2.0.

Kuna njia ya kutumia sarafu ulizonazo tu, bila fyucha. Una BCH 10, unazigeuza kwa 1.65 unapata LTC 16.5, uwiano ukirudi 1.35 unarudisha BCH 12.2. Hakuna wa kukufungia. Uwiano ukienda 2.86, ukigeuza unapata BCH 5.8 tu, ingawa kwa dola LTC zako zimepanda na unaweza usihisi chochote. Soko zima likianguka, shilingi zako zinapungua vilevile.

Msimamo wangu ni huu. Kufanana hakuvuti bei irudi. Linganisha na stETH, tokeni inayowakilisha Ether iliyofungiwa kwenye mtandao wake, dhidi ya ETH yenyewe: Juni 2022 stETH ilishuka hadi karibu 0.94, na mwaka uliofuata, mlango wa kuibadilisha moja kwa moja na ETH ulipofunguliwa, pengo karibu liishe. Pale kuna utaratibu unaomlipa mtu kwa kuliziba. Kati ya BCH na LTC hakuna mtu anayeweza kupeleka moja mahali fulani akapewa nyingine kwa kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo, ndugu wa Mbale, ukiamua kuifanya, tumia sarafu ulizonazo, geuza sehemu ndogo, na pengo likifunguka siku yenye habari kubwa kuhusu sarafu hizo, usiingie kabisa.