Swali moja, ukurasa mmoja: tovuti ambayo chaneli inaihitaji kweli

Wenye chaneli za YouTube wakiamua kufungua tovuti, wengi huanzia kusikofaa. Hutengeneza ukurasa wa mwanzo wenye picha kubwa, ukurasa wa "Kuhusu sisi", ukurasa uliopanga video zote, na duka lililoandikwa "bidhaa zinakuja". Miezi inapita, na wageni ni walewale waliobofya linki kutoka kwenye chaneli. Mtu mwenye shida haandiki jina la chaneli yako kwenye Google. Anaandika shida yake, na kwenye tovuti ya namna hiyo hakuna ukurasa hata mmoja unaoizungumzia.

Msimamo wangu ni kwamba tovuti ya chaneli ianze na ukurasa mmoja unaojibu swali moja, na ndani yake iwemo bidhaa moja inayoendeleza jibu hilo. Ukurasa wa mwanzo na duka vitafuata vikihitajika.

Tuchukue chaneli inayofundisha ufundi wa cherehani. Swali la kuanzia halihitaji kubuniwa, maana YouTube Studio inalo tayari: kwenye Analytics, chini ya vyanzo vya watazamaji, fungua YouTube search uone maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika kwenye video zako. Tuseme yanayojirudia ni "cherehani inaruka stichi". Yachukue jinsi yalivyo. Ukiyageuza kuwa "utatuzi wa hitilafu za mshono" umeandika maneno ambayo hakuna anayeyatafuta. Yaweke kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye anwani yake, kwa mfano `example.com/cherehani-inaruka-stichi`. Usitie mwaka kwenye anwani, kwa sababu mwakani utatamani kuubadilisha, na anwani ikibadilishwa bila kuelekeza ya zamani kwenye mpya kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, linki zote zilizokwisha kusambaa zinaishia ukutani.

Maandishi ya ukurasa ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo watu hukata njia kwa kunakili maneno ya video na kuyabandika. Maneno ya video yamejaa "angalia hapa" na "ukizungusha hivi", na msomaji haoni hapa wala hivi. Kuna sababu nyingine isiyojulikana sana. Tangu Aprili 2023, Google huonyesha picha ya video kwenye matokeo pale tu video inapokuwa ndiyo kiini cha ukurasa. Makala yenye video katikati haipewi nafasi hiyo. Ukurasa wa YouTube ndio unaoichukua. Kwa hiyo makala yako itapanda au itazama kwa maandishi yake, na ni lazima yamtoshe hata mtu asiyebofya video.

Aya ya kwanza itoe jibu. Historia ya cherehani na salamu kwa wapendwa wasomaji havina kazi pale. Kwa swali letu, aya hiyo ingesomeka hivi:

"Cherehani ikianza kuruka stichi, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Zima mashine, legeza skrubu, toa sindano ya zamani. Kwa pamba ya kawaida weka mpya ya 80/12. Kwa jinzi, 90/14 au 100/16. Kwa kitambaa kinachovutika, sindano maalumu ya stretchi. Isukume juu mpaka igote, upande wake bapa ukitazama kule kitabu cha mashine kinakoelekeza, ambako kwa mashine nyingi za nyumbani ni nyuma. Kaza skrubu, pitisha uzi upya, jaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho."

Aliyesoma mistari hiyo anaweza kuinuka akaijaribu. Chini yake ndipo unapoeleza kwa nini: sindano iliyopinda hata kidogo hupita mbali na ncha ya ndoano inayozunguka kwenye bobini, ndoano inakosa kudaka kitanzi cha uzi, na stichi inarukwa. Kisha unaendelea na sababu zinazofuata, uzi uliopitishwa vibaya, hadi taiming iliyohama, yaani ndoano kutokutana na sindano kwa wakati wake. Picha za karibu ulizokata kutoka kwenye video zinafaa sana hapa. Zipunguze kwanza hadi upana unaohitajika, maana picha ya kamera ikipandishwa nzima hufanya ukurasa ukokote kwenye simu.

Video yenyewe iweke baada ya jibu, chini ya sehemu inayoonekana mara ukurasa unapofunguka. Kicheza video cha YouTube huvuta mamia ya kilobaiti za skripti hata kama mgeni habofyi, na neno `lazy` linakizuia kupakia mpaka msomaji akikaribie:

```html
<iframe width="560" height="315" loading="lazy"
  src="https://www.youtube-nocookie.com/embed/VIDEO_ID"
  title="Cherehani inaruka stichi" allowfullscreen></iframe>
```

Usifute vipimo vya upana na urefu. Ndivyo vinavyokiambia kivinjari kitenge nafasi mapema, ili maandishi yasishtuke na kusogea mtu akiwa katikati ya sentensi.

Sasa bidhaa. Kosa ninalolipinga kwa nguvu zote ni kuficha hatua ya mwisho ndani ya faili la kuuza. Msomaji akigundua kwamba jibu limekatwa makusudi, anarudi Google na kufungua tovuti inayofuata, na ana haki. Mpe jibu zima la swali lake. Kiuze kile kinachokuja baada yake. Aliyekuta stichi zinaruka kwa sababu ya taiming mara nyingi ana mashine ambayo haijafanyiwa servisi muda mrefu, basi mwongozo wa PDF wa servisi nzima, wenye picha za kusafisha, sehemu za kutia mafuta, na jedwali la sindano na vitambaa, unamfaa kweli. Mahali pake ni mara baada ya aya ya taiming, kwa sababu hapo ndipo shida yake inapokuwa kubwa kuliko makala. Andika wazi mwongozo una kurasa ngapi, unahusu mashine za aina gani, aina gani hazimo, na mnunuzi ataupata kwa njia gani. Kitufe kimoja kinatosha.

Mauzo yenyewe huharibika sehemu mbili, na zote haziko kwenye kitufe.

Ya kwanza ni faili. Mtu anapandisha PDF kwenye WordPress kama anavyopandisha picha, kisha anawatumia wanunuzi linki yake. Faili hilo limekaa kwenye `wp-content/uploads`, wazi kwa yeyote mwenye anwani. Mnunuzi mmoja akiibandika linki kwenye kundi, Google nayo ikaiona, itaisoma PDF na kuiweka kwenye matokeo, kwa sababu Google husoma PDF kama inavyosoma kurasa. Kujua kama yamekukuta, andika hivi kwenye Google, ukiweka domeni yako:

```
site:example.com filetype:pdf
```

Bidhaa yako ikitokea hapo, futa faili la zamani, lipandishe upya kwa jina jingine, kisha tumia kipengele cha Removals kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ili tokeo lifichwe haraka. Kufichwa huko ni kwa takriban miezi 6 tu. Kinachokata mzizi ni kufuta faili. Ili lisirudie, acha mfumo wa duka ulitoe faili wenyewe baada ya malipo. Kwenye WooCommerce, mfumo wa duka wa WordPress, chagua Force downloads au X-Sendfile badala ya Redirect only, ambayo wenyewe wameiandikia kwamba si salama, na uweke kikomo cha mara za kupakua na siku za mwisho. Hakikisha pia bidhaa imewekewa alama zote mbili, Virtual na Downloadable. Ukiweka Downloadable peke yake, oda iliyolipiwa hukaa kwenye Processing ikikusubiri uikamilishe kwa mkono, kana kwamba kuna mzigo wa kufungasha.

Ya pili ni barua pepe. Mnunuzi amelipa, linki imetumwa, lakini imetua kwenye spamu. Kawaida chanzo ni kwamba barua imetoka moja kwa moja kwenye seva ya hosti bila uthibitisho wa domeni, na tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe angalau na SPF au DKIM, njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni yake. Weka zote mbili kwenye rekodi za DNS, na utume kupitia huduma ya SMTP, yaani huduma maalumu ya kutuma barua pepe. Kisha nunua bidhaa yako mwenyewe kwa anwani ya Gmail, fungua barua iliyokuja, bofya Show original, na utazame kama SPF na DKIM zimeandikwa PASS. Juu ya hayo yote, linki ya kupakua ionekane pia kwenye ukurasa wa asante, ili mtu asiyepata barua asibaki mikono mitupu.

Ukurasa ukishasimama, unganisha tovuti na Search Console na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako. Kabla ya kuanza kulalamika kwamba Google haikuoni, kwenye WordPress ingia Settings, kisha Reading, uangalie kama alama ya "Discourage search engines from indexing this site" imesahaulika tangu siku za ujenzi. Kosa hilo ni la kawaida mno. Kwenye chaneli, linki ya ukurasa ikae mstari wa kwanza wa maelezo ya video ndefu, ikiwa na mkia `?utm_source=youtube` ili uwatofautishe waliotoka YouTube. Usiitegemee kwenye Shorts: tangu 31 Agosti 2023 linki zilizo kwenye maelezo na maoni ya Shorts hazibofyeki.

Baada ya wiki kadhaa, fungua ripoti ya Performance kwenye Search Console na usome maneno pamoja na nafasi. Ukurasa ukionekana mara nyingi, nafasi yake ni ya 4 au ya 5, na haubofywi, tatizo huwa ni kichwa: hakimwambii mtafutaji kwamba jibu lake limo. Ukiwa umekwama kwenye nafasi ya 15, kufanyia kazi kichwa hakutasaidia sana. Soma kurasa zilizo juu yako uone zinajibu nini ambacho wewe umekiruka. Usipoonekana kabisa, pitisha anwani kwenye URL Inspection uone kama Google imeuorodhesha ukurasa.

Na katika orodha hiyohiyo utakuta maneno ambayo ukurasa wako umeanza kuonekana kwayo ilhali hauyajibu, pengine "cherehani inakata uzi wa juu". Usiyachomeke kwenye makala ya kuruka stichi. Yatengenezee ukurasa wa pili, jibu lake likiwa aya ya kwanza, linki ikienda na kurudi kati ya kurasa hizo mbili, na mwongozo uleule wa servisi ukisubiri pale msomaji anapoambiwa afungue sahani ya sindano.