Mikunjo mitatu kushoto, miwili kulia

Huku Liège, Ubelgiji, mama mmoja wa kizungu aliona mikanda iliyoshika miguu ya mwanangu, akaniuliza kwenye basi kama amevunjika. Nilimjibu hapana, lakini hasira ilinishika. Siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kutoka Kadutu, kwetu Bukavu: «Munafunga mutoto kama mbuzi?» Basi leo nawajibu wote wawili.

Binti yetu alizaliwa akitanguliza matako. Alipofikisha wiki 6, muuguzi alimlaza, akanyoosha miguu yake, akahesabu mikunjo ya mapaja: kushoto mitatu, kulia miwili. Mimi nikacheka, maana kwetu mapaja yenye mikunjo ni sifa ya maziwa ya mama! Yeye hakucheka. Alikunja magoti na kuyafungua pande zote. La kushoto lilifunguka kidogo kuliko la kulia. Akatuandikia ekografia, ile picha ya mawimbi ya sauti.

Watoto wengi wenye afya wana mikunjo isiyolingana. Mikunjo peke yake si ugonjwa, ni sababu ya kuangalia tu. Kinachotafutwa ni kama kichwa cha mfupa wa paja kimekaa vizuri ndani ya kikombe cha nyonga. Katika miezi ya kwanza kichwa hicho bado ni gegedu, picha ya eksirei haikioni vizuri, ndiyo maana wanatumia ekografia. Wanapima pembe ya kikombe: digrii 60 na zaidi ni sawa. Kulia kwake ilikuwa 62, kushoto 47. Kikombe kilikuwa na kina kifupi mno.

Akavalishwa mikanda ya Pavlik, usiku na mchana. Mkanda mmoja hupita kifuani, mingine hushika miguu. Ya mbele inakunja nyonga, ya nyuma inazuia mapaja yasifungane. Miguu inabaki kama ya chura, na kichwa kinakikandamiza kikombe taratibu hadi kikue. Haivutwi kwa nguvu: ukifungua mno, damu inaweza isifike kwenye kichwa cha mfupa. Tuliambiwa pia tuangalie kama anarusha mguu. Goti likiacha kunyooka, huenda mshipa wa neva umebanwa, upige simu siku hiyohiyo.

Tulimwogesha kwa kitambaa, nepi chini ya mikanda, na kila wiki mbili akapimwa tena. Wiki ya 6 ya mikanda, pembe ya kushoto ilikuwa 61.

Sasa wale watakaosema nimekuwa mzungu. Jamani, mkao huo wa chura si ndio wa kitenge mgongoni? Bibi zetu walikinga nyonga bila kujua, na huku watu wanalipia mikanda ya kuweka mkao huohuo, wakati kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooka kunaongeza hatari. Hapo najivuna. Lakini Bukavu, nani alihesabu mikunjo ya wale wanaotembea wakichechemea sokoni? Tuliambiwa «amezaliwa hivyo», tukanyamaza. Hilo linaniudhi kuliko yule wa kwenye basi.

Mama mkwe ameuliza lini atabebwa mgongoni. Daktari amesema hata kesho, miguu ikiwa imefunguka. Kitenge kiko njiani.