Barua ya munkoyo iliyomkimbiza kijana mpaka Likasi

Kwanza ieleweke kwamba barua ile sikuiandika mimi. Mimi nauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, pale Katuba, Lubumbashi. Kuandika ni kazi ya mzee mmoja wa sekretaria, anakaa chini ya mwembe na kompyuta yake na mashine ya kuchapa, anaandikia watu maombi ya kazi na malalamiko ya viwanja. Kwa malalamiko ya viwanja hana mpinzani. Mambo ya TikTok ndiyo yalimzidi.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, joto la kwetu linafanya kila mtu atamani munkoyo baridi, lakini kila avenyi ina mama wake wa munkoyo. Mimi nilikuwa nimeanza kuitia kwenye chupa za nusu lita zenye karatasi ya jina, safi kabisa, na hakuna aliyejua. Watoto wakaniambia: Mama, mtafute yule kijana wa Kenya. Kenya ya kwetu ni komini, si nchi, msianze kuhesabu tiketi za ndege. Kijana huyo anachekesha watu kwa video fupi, na nilimpenda kwa sababu moja: nilisoma maoni chini ya video zake nikaona watu wanataja Kamalondo, Ruashi, soko la Kenya. Kuna mwingine mwenye wafuasi wengi kuliko yeye, ila wake wako Brussels na Paris. Mtu wa Brussels atanipa moyo mwekundu tu, chupa hatanunua.

Nikapiga hesabu. Chupa nauza franka 1,000. Nikitoa unga wa mahindi, mizizi, makaa na chupa yenyewe, nabaki na 350. Dola wakati ule ilikuwa kama franka 2,800, kwa hiyo dola 40 ni franka 112,000, yaani faida ya chupa 320. Nikajiuliza kama dakika moja ya mtoto wa watu kunywa na kusema "aaah" inaweza kuniletea wanywaji 320 ambao nisingewapata. Nikaona inaweza, kwa sababu mnywaji wa munkoyo harudi mara moja tu.

Nilimwandikia kwanza kwenye WhatsApp: "Jambo mwanangu, napenda kazi yako, unifanyie video ya munkoyo, tutaelewana." Vile vistari viwili vikawa vya buluu, kisha kimya. Baadaye aliniambia kwamba "tutaelewana" anaipata kila siku, kutoka kwa wasusi, wauza simu, hata kanisa moja, na kila mara mwisho wake ni sahani ya bukari na asante.

Ndipo nikaenda kwa mzee. Nilimwamuru aandike maneno ya kawaida: mimi ni nani, nauza nini, nataka video moja ya dakika moja, aonekane anafungua chupa baridi na kunywa, ataje Katuba na bei, namba yangu ya simu iandikwe juu ya video. Nitalipa dola 40, nusu kabla na nusu ikishatoka. Video isifutwe kwa mwezi mzima, na mwezi huo asitangaze munkoyo ya mama mwingine. Nilimtajia pia kwamba chupa sita za kuonja zinaletwa pamoja na barua, zinywewe siku hiyohiyo. Mzee alitikisa kichwa kama daktari, akapiga kompyuta, akachapa. Mimi miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Akaniuliza kama nina kashe, yaani muhuri. Ninayo, ya shirika letu la akina mama, ya duara, wino wa zambarau. Akaigonga mara mbili kwa furaha.

Barua nikampa mtoto wa dada yangu apeleke. Mtoto huyo ni mlinzi wa usiku, akapitia huko akielekea kazini, yaani na yunifomu, kofia na buti.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kama kijana alivyonisimulia. Wiki ile alikuwa ametoa kichekesho akimwigiza polisi wa rulaji, wale wa barabarani, anayesimamisha baiskeli na kuidai leseni ya kengele. Watu walicheka sana, na yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi kidogo. Akiwa ndani anakula, anasikia buti kwenye changarawe. Anachungulia: yunifomu. Mkononi anvelopu ya kaki, kashe ya duara mpaka nje. Mtoto wa dada yangu ana sauti nzito tena hajui kubisha kwa upole. Akasema: "Nimeleta karatasi yako. Unaombwa kujibu."

Kijana akapita dirishani. Ukuta wa nyuma una vipande vya chupa juu, aliuruka hivyohivyo na suruali ikabaki nusu. Jioni alikuwa kwenye basi la Likasi, kilomita kama 120, kwa bibi yake, na simu ameizima.

Mtoto wa dada yangu alingoja, akasukuma anvelopu chini ya mlango, akaweka mfuko wa chupa kwenye kizingiti, juani, akaenda kulinda.

Asiyejua munkoyo anielewe hapa. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, unatia maji ya mizizi iliyopondwa. Mizizi inaulainisha uji na kuutia utamu, kesho yake unakunywa. Lakini haijalala. Inaendelea kuchacha hata ndani ya chupa, na kadiri siku zinavyopita ladha inakwenda kwenye uchachu, kileo kinaanza, na hewa inajikusanya chini ya kifuniko. Kwenye friji inakwenda polepole. Juani, ndani ya mfuko mweusi, inakimbia. Ndiyo maana nilisema zinywewe siku hiyohiyo.

Chupa ya kwanza ilipasuka usiku. Majirani wakasikia "pa!", wakalala chini ya vitanda. Baadaye kidogo, "pa!" ya pili. Jirani mmoja akampigia bibi wa Likasi: "Mwambie asirudi, wamekuja kupiga risasi mlangoni pake." Asubuhi wakaona mfuko unatoa povu jeupe na mlio kama nyoka, hakuna aliyesogea. Akaitwa shefu wa avenyi. Naye akautazama kwa mbali na kuagiza watoto warudi nyuma. Ukapasuka mara ya tatu mbele yake, naye akarudi nyuma kuliko watoto.

Aliyeokoa avenyi ni bibi mmoja aliyepita na kuni kichwani. Akanusa. "Hii munkoyo. Tena nzuri, imeharibika tu kwa ujinga wenu."

Kijana alirudi, ila kwa masharti: anvelopu ifunguliwe mbele ya shefu na watu wote, na yeye aishike simu akirekodi moja kwa moja, ili wakimkamata nchi nzima ione. Akaisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa naitazama kwenye simu ya binti yangu, na hapo ndipo nilipoisikia barua yangu kwa mara ya kwanza.

"Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu wa Video. Kuhusu: madai ya ushirikiano. Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya ukarimu wako mtukufu ili kukufahamisha kwamba unatakiwa, katika saa 48 tangu kupokea hii, kuonekana ukifungua chupa bila kukosa..."

Avenyi nzima ililala chini kwa kicheko. Shefu alitaka kubaki na heshima yake, akashindwa. Kijana akaendelea, machozi yanamtoka, mpaka kwenye dola 40, akaitaja, bei ya chupa akaitaja, Katuba akaitaja. Chini kulikuwa na "Nakala: kwa hifadhi ya nyaraka." Akaonyesha nyaraka zenyewe, vipande vya chupa na siafu.

Video ile ilitazamwa kuliko zake zote. Watu walianza kutafuta "munkoyo ya konvokasio", yaani ya ile karatasi ya kuitwa polisi. Mimi nikaongeza sufuria, nikanunua mizizi ya ziada, nikakaa tayari. Simu yangu haikulia hata mara moja.

Kumbe mzee wa sekretaria huwa anaweka namba yake mwenyewe juu ya kila barua anayoandika, kubwa, kama mapambo, na kijana ndiyo aliyoisoma. Oda zote zilikwenda chini ya mwembe. Nilipomfuata, mzee alikuwa na daftari, ameshaandika majina, na akaniambia kwamba kwa kila chupa anaomba franka 100 za ofisi.

Halafu kijana akaja, suruali mpya. "Mama, dola zangu 40. Bidhaa nimeionyesha, bei nimetaja, Katuba nimetaja. Watu wamecheka dakika kumi na moja, wewe uliomba moja."

"Mwanangu, ulinywa?"

"Mama, ningekunywa nini? Ilikuwa ukutani."

"Namba yangu iko wapi kwenye video?"

Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kwa sababu kweli sufuria zilikuwa zinaisha kabla ya saa tisa. Tukakubaliana: dola 20 kwa ile aliyokwisha kutoa, abadilishe maandishi yake aweke namba yangu, na aniruhusu kuitumia kwenye status yangu ya WhatsApp. Ruhusa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha kuiomba. Alisema ukichukua video ya mtu na kuitangazia biashara yako bila kuelewana, hata kama ulimlipa aitoe kwake, mnaweza kugombana. Dola 20 nyingine ni za video ya pili, ya kunywa kweli. Kwenye hiyo aseme wazi kwamba amelipwa na awashe ile alama ya tangazo ya TikTok. Mimi niitazame kabla haijatoka, na nikosoe mara moja tu, si kila nikiamka.

Barua ya pili tuliiandika wenyewe mezani kwangu, kwa kalamu, ukurasa mmoja. Yeye akataka iongezwe kwamba karatasi yoyote itakayotoka kwangu haitakuwa na kashe, na atakayeileta avae ndala. Nikakubali. Mimi nikaongeza kwamba chupa zikishapokelewa ziingie kwenye friji, umeme ukikatika zinywewe palepale, na itakayopasuka kwake itahesabiwa kuwa ameinywa.