Sufuria ya sola: na betri au bila betri?

Paneli moja ya wati 100 inaweza kupika maharage bila betri?

Inaweza, na hesabu yake ni fupi. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, pamoja na maji yake, tuichukulie kama lita 2 za maji. Kuyatoa nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji watisaa 175 hivi. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri hutoa kama wati 70. Ukianza saa 3 asubuhi, saa 6 mchana sufuria inachemka, na maharage yanabaki na alasiri ya kuiva taratibu. Ila hesabu hii inasimama juu ya vitu viwili: kinachopasha moto na kinachozuia joto lisitoke.

Mafundi wengi huanza na waya wa hita. Paneli hiyo hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 na ampea 5.6, kwa hiyo hita ya omu 3.2 inaitosha kabisa wakati wa jua kali. Wingu likipita, mkondo unashuka hadi nusu, na kwenye hita ile ile volti nazo zinashuka hadi nusu, yaani 9. Kumbe wati zilizobaki ni 25, robo tu, ingawa jua limepungua nusu. Huu ndio ugonjwa wa sufuria nyingi za kujitengenezea: zinapika siku ya majaribio, kisha siku ya mawingu hazichemki.

Kikundi cha Pete Schwartz katika chuo kikuu cha Cal Poly, Kalifonia, kilitumia dayodi, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, badala ya waya wa hita. Kila dayodi hula kama volti 0.7, mkondo uwe mkubwa au mdogo, kwa hiyo ukiunga ishirini na kitu kwa mfululizo, volti hubaki karibu na zile paneli inazozitaka. Jua likipungua nusu unabaki na karibu nusu ya wati. Ubaya wake ni kwamba dayodi haivumilii moto mkali. Sufuria ikikauka, zinaungua. Ukipima kwenye ncha za mnyororo wa dayodi juani ukakuta volti 22 hivi na sufuria imepoa, basi mnyororo umekatika mahali: paneli inatoa volti lakini mkondo haupiti.

Kuhusu joto linalotoka, jaribio lake halina gharama. Mimina lita 2 za maji yanayochemka, funika, subiri saa moja, pima. Yakishuka nyuzi 5, unapoteza kama wati 12, na hapo hujambo. Yakishuka 20, unapoteza karibu 47, na paneli yako inafanya kazi ya kupasha moto hewa ya jikoni. Mara nyingi sababu ni mvuke ulioingia kwenye sufi au pumba zinazozungushiwa sufuria kuzuia joto, ukazilowesha. Sponji nyeupe ya kufungashia vyombo usiiegemeze kwenye sufuria, inayeyuka.

Sasa upande wa betri, nao una hoja. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 hupika maharage hayo kwa muda mfupi sana, usiku au alfajiri. Lakini kwenye betri ya volti 12.8 inavuta karibu ampea 90 kupitia inveta, mkondo unaodai nyaya nene na viungio vilivyokazwa sawasawa. Waya mwembamba hapo utakuwa wa moto kuliko chakula. Betri yenyewe ndiyo kitu ghali zaidi katika mtambo, na ndiyo itakayochoka mapema kuliko paneli.

Watetezi wa betri husema watu hula jioni. Hoja hiyo haina uzito kama wanavyodhani: sufuria iliyofungwa vizuri ikiachwa saa 9 alasiri, saa 1 jioni chakula bado cha moto. Kinachoishinda ni chai ya alfajiri, pamoja na chochote cha kukaangwa. Kwa hivyo nyumba inabaki na jiko la pili, na muuzaji anayesema sufuria hii inaondoa mkaa kabisa anadanganya.

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji hulipita haraka mno. Maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli, angalau dakika 10, baada ya kuloweka na kumwaga maji ya kulowekea. Yakishinda kutwa kwenye nyuzi 75 yatalainika yaonekane yameiva, na yatamfanya mlaji atapike. Siku ya mawingu, sufuria isiyo na betri hufanya hasa hivyo. Ningekuwa mtengenezaji, ningeweka kipimajoto mfunikoni kabla ya kufikiria taa, soketi ya simu au rangi ya boksi, na kama mshale haukufika kwenye mchemko, maharage yamaliziwe kwenye jiko lile la pili.

Nyumba yenye mtu anayeshinda hapo mchana, mimi ningeipa ya dayodi. Wanaotoka wote alfajiri na kurudi usiku, wadundulize wanunue betri.