Saa Kumi na Moja ya Katibu

Timu yetu ya mtaani hapa Tabata ilikuwa na muda wake wa mazoezi, ukiitwa "jioni jioni hivi". Wa kwanza anafika saa 10, anapiga danadana peke yake kama mtu aliyekosana na nduguze. Wa mwisho anatua saa 12 na nusu, giza linaingia, na anauliza kwa nini hapewi pasi. Ugomvi wenyewe uko hapo katikati: wanane wameshaanza, wanaongezeka sita, inabidi timu zigawanywe upya, na waliokuwa wanaongoza tatu bila hawataki hata kusikia.

Katibu akasema inatosha, muda upigiwe kura kwenye kundi letu la WhatsApp. Akaweka machaguo manne: Jumanne saa 11 jioni, Alhamisi saa 11 jioni, Jumamosi saa 1 asubuhi, Jumapili saa 10 jioni. Sasa kura za WhatsApp zina kitufe kinachomruhusu mtu kuchagua jibu zaidi ya moja, na kitufe hicho huja kikiwa kimewashwa. Katibu hakukigusa. Kipa wetu, mtu asiyependa kumuudhi yeyote, akatiki zote nne. Wengine wakamfuata. Hadi usiku siku zote zilikuwa zimeshinda.

Ubaya ni kwamba kura hizo zinaonyesha nani kachagua nini.

"Kaka, umetiki Jumapili saa 10, si uko kwaya muda huo?"

"Nimetiki kwa moyo, sijasema kwa miguu."

Kesho yake kura ikarudiwa, kitufe kimezimwa, jibu moja kwa kila mtu, mwisho saa 2 usiku. Alhamisi saa 11 jioni ikapita. Ni chaguo la busara: Dar mwezi Juni jua linazama kama saa 12 na robo, kwa hiyo ukianza saa 11 na nusu unacheza na vivuli.

Katibu angeishia hapo tungemsifu. Lakini akataka simu zitukumbushe, akatengeneza tukio ndani ya kundi, na kwenye sehemu ya saa akaandika 11:00. Kwa simu, hiyo ni saa 5 asubuhi.

Mimi ndiye mtunza mipira, na wiki hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Alhamisi asubuhi simu ikalia: mazoezi, 11:00. Kundini kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia ambao sikuwa nimeusoma, nikajua tu wameshabadilisha tena. Nikabeba gunia la mipira, nikapanda boda.

Uwanja tunaoutumia ni wa shule ya msingi. Nilikuta jua la utosi, darasa zima liko kwenye michezo, na pembeni wamesimama Kipa na Winga. Winga alikuwa na viatu vya njumu na shati la ofisini. Kazini kaaga kwamba bibi yake amefariki. Mwalimu wa zamu akatusogelea.

"Nyie watu wazima, mna shida gani?"

Kipa akajibu kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, tumekuja mazoezini."

Mwalimu akatutazama, akalitazama gunia, akaomba mpira mmoja kwa ajili ya watoto. Ulirudi umetobolewa na michongoma.

Nikarudi nyumbani kulala, simu nikaizima kabisa.

Saa 11 kamili jioni wakafika watu 17. Haijawahi kutokea. Wamevaa, wamepasha misuli, koni zimepangwa, ila mipira iko chini ya kitanda changu nami niko juu yake, nakoroma. Wamekuja kugonga dirisha hadi mama mwenye nyumba akadhani ni mgambo. Mechi ilianza saa 12 kasoro kumi, na kila aliyefika mapema alikuwa na hotuba.

Tangu hapo muda umeandikwa kwenye maelezo ya kundi hivi: "saa 11 jioni (17:00), mpira unaanza 17:15". Mipira ipo kwa muuza chipsi jirani na uwanja. Vizibao ni 14, na vinagawiwa saa 11 na robo kwa waliopo. Ukikosa, unakaa hadi mechi ya dakika 20 iishe, na hakuna kuvunja timu kwa ajili yako. Ugomvi umepungua kwa sababu hakuna wa kugombana naye. Kizibao hakisikilizi habari za foleni.

Aliyebaki na msala ni Winga. Wafanyakazi wenzake walimchangia rambirambi, na Ijumaa wakauliza msiba uko wapi waje kuhani. Akaandika kundini, "Wadau, nani ana turubai? Na bibi wa kukaa ndani siku moja asionekane?"

Kipa akajibu kwamba bibi yake yupo, lakini Jumapili ana kwaya.