Kuku hawasubiri upone, maharage yanasubiri

"Nina sikoseli, naishi Uyole, Mbeya. Kuna wiki niko poa kabisa, kuna wiki hata kuchota maji siwezi. Nina laki sita. Kila mtu ananiambia nifuge kuku wa mayai, mama peke yake ndo anasema ninunue maharage niweke stoo. Nani yuko sahihi?"

Dada, wanaokwambia kuku hawakudanganyi, wakishaanza kutaga unashika hela karibu kila siku, na hela ya kila siku kwa mtu anayenunua dawa ni kitu kikubwa. Ila vifaranga wa mayai unawalisha karibu miezi mitano kabla hujaona yai la kwanza, laki sita inaishia kwenye chakula. Halafu kuku mmoja mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku, hamsini ni kilo sita kila siku ya Mungu, na maji yakikatika siku moja tu mayai yanashuka.

Mdogo wangu ana sikoseli kama wewe, alifuga sitini pale Iringa. Mwezi wa 7 maumivu yakamshika kwenye miguu na mgongo, siku mbili akalala, ya tatu akasikia kuku wanapiga kelele saa kumi na mbili asubuhi akatoka na ndoo kwenye ule ukungu, mikono imelowa maji ya baridi. Jioni tulimpeleka hospitali. Baridi ni moja ya vitu vinavyowaamshia maumivu watu wa sikoseli, na ile kazi ilimtoa kitandani siku ambayo hakutakiwa kutoka. Mayai tuliyopoteza hata siyahesabu, hilo la kutolewa kitandani ndo mpaka leo linaniuma.

Maharage watu wanayaona hela iliyolala. Lakini gunia ukiliacha wiki tatu halikudai kitu, kama limefungwa vizuri, na hapo ndo wengi wanaharibu. Bungua anatoka na maharage shambani, mayai yake huyaoni, unanunua mzigo msafi mwezi wa 7 ikifika wa 9 una vumbi na matundu. Tumia mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, hewa ikiisha humo wadudu wanakufa bila dawa. Chukua ya kilo 50 usichukue ya 100. Kabla ya kujaza weka maharage kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado mabichi, rudisha juani, ukiyafunga hivyo yataota ukungu. Ukijaza kamua hewa, sokota nailoni ya ndani funga, ya pili nayo funga peke yake, halafu kiroba. Weka juu ya mbao mbali na ukuta, na panya wasifike, tundu moja la panya hewa imerudi.

Tatizo kubwa ambalo mama hajakwambia ni kwamba msimu wa kununua, mwezi wa 6 na wa 7, ndo baridi kali ya Mbeya, yaani bei nzuri inakuja wakati wewe uko hoi. Usizunguke vijijini alfajiri na wachuuzi. Ongea mapema na mkulima mmoja unayemwamini, akuletee nyumbani saa sita jua limewaka, pima kwa mzani sio kwa lumbesa, na kubeba mlipe kijana.

Tuchukulie bei za mfano. Kilo 250 za njano kwa 1,800 ni 450,000, mifuko mitano 25,000, usafiri na kubeba 25,000. Jumla laki tano. Ukiuza kwa 2,500 kuanzia mwezi wa 11 unapata 625,000, faida 125,000 kwa nusu mwaka. Ni ndogo, haikutoshi kuishi, hapo watu wa kuku wana hoja. Na bei inaweza isipande, hilo nalo lipo. Unaiongeza kidogo kwa kuuza rejareja, siku ukiwa na nguvu unakaa chini unachagua mawe na mabovu, unafunga kilo moja moja, mteja anapiga simu bodaboda anachukua. Siku mbaya unasema kesho, maharage hayaozi. Ila usiyapitishe msimu mwingine, yakizeeka yanachelewa kuiva na wateja wanajua.

Ile laki moja iliyobaki usinunulie mzigo. Kinachowaua wenye stoo ni kuugua mwezi wa 8 na kuuza vyote kwa bei ileile ya kununulia. Ukiwa na laki pembeni haufungui kitu, na ikiisha unafungua mfuko mmoja wa kilo 50, minne mingine inabaki imefungwa inasubiri bei.