A shapu au A ya kawaida: mhariri wa "Hammerklavier" anaonewa

Ugomvi wenyewe, wa kama A ipigwe shapu au ya kawaida, ni wa vipimo vitatu tu. Katika sehemu ya kwanza ya sonata ya piano ya Beethoven, Opus 106, iitwayo "Hammerklavier", vipimo vya 224 hadi 226 vinatangulia marejeo ya dhamira ya mwanzo katika B flati meja. Alama za ufunguo zilizopo hapo bado ni shapu tano za B meja, na A ni mojawapo. Chapa ya Vienna ya 1819 haina alama ya kuifuta shapu hiyo. Ukiisoma kama ilivyo, unapiga A shapu.

Wanaoitetea A shapu hawabahatishi. Kwenye piano ni kitufe kilekile cha B flati, kwa hiyo muziki unateleza kuingia nyumbani kwa mlango usiotarajiwa. Chapa ya London ya mwaka huohuo nayo haina alama. Tena Beethoven alimpelekea mwanafunzi wake wa zamani, Ries, huko London orodha ndefu ya makosa, na mahali hapa hakupagusa. Basi mhariri anayeongeza alama ya kufuta huonekana mjuaji anayemsahihisha bwana.

Lakini tuwapime mashahidi wenyewe. Muswada wa mkono wa Beethoven umepotea. Chapa hizo mbili zinarudi kwenye kazi ileile ya mtunzi, kupitia nakala. Kukubaliana kwao kunathibitisha tu kwamba alama ilikosekana kwenye chanzo chao. Na kukosekana huko ndiko ninakokutilia mkazo, maana mahali penyewe panakaribisha usahaulifu: sikio limeshaondoka B meja, ukurasa haujaondoka. Mtunzi anayesikia A ya kawaida kichwani husahau kuiandikia alama, na akirudia kusoma huisikia tena bila kuona pengo. Ndiyo maana ukimya wa orodha ile haunishawishi. A ya kawaida pia ndiyo inayoikamilisha akodi ya F, ambayo kwa desturi hufungua njia ya B flati. A shapu inaitoboa mapema noti ambayo dhamira inakuja kuitangaza.

Kwa hiyo ukifungua maelezo ya kihakiki ambamo mhariri anaeleza maamuzi yake, usikimbilie mstari wa kipimo cha 224. Soma kwanza orodha ya vyanzo, uone kipi kimetokana na kipi. Bila hilo utahesabu shahidi mmoja mara mbili. Kisha rudi kwenye mstari wenyewe. Mstari ukisema vyanzo vyote havina alama, mhariri ameiongeza, na sababu ni hii, umepewa nyenzo za kumpinga. Mstari ukisema tu "kosa limesahihishwa", umenyimwa. Kwenye noti zenyewe, alama iliyoongezwa iwe kwenye mabano au kwa chapa ndogo, kwa sababu mpiga piano aliye mazoezini hafunui kurasa za nyuma.

Deni hilohilo analo anayeacha A shapu. Naye amechagua, hata kama hakuongeza wino wowote, na akinyamaza msomaji atadhani hapakuwa na la kuamua.